Asilimia 3 kwa mwezi ni ngapi kwa mwaka? (Sio 36)

Shemeji yangu ana fundi cherehani wawili na duka dogo Morogoro, anashona sare za shule, na mwaka huu alitaka kununua ovaloki moja na mashine mbili za umeme kabla msimu wa sare haujaanza, maana kila Desemba anakataa oda kwa sababu mashine hazitoshi. Bajeti yake milioni 5. Akazunguka mwenyewe akapata ofa tatu: taasisi ya mikopo ya pale mtaani kwake, benki, na saccos ambayo yeye ni mwanachama. Akanitumia picha za zile karatasi WhatsApp af akaandika, "Shem hii ya 3% si ndo nafuu kuliko zote?"

Nikizitazama kwa macho ya mtu wa kawaida nakubaliana naye, maana zile karatasi zilikuwa hivi. Taasisi ya mtaani: riba 3%, miezi 12. Benki: riba 18%, mpaka miezi 24. Saccos: riba 1.5%, miezi 12. Sasa hapo 3 ni ndogo kuliko 18, na 1.5 ni ndogo kuliko zote, kwa hiyo saccos kwanza, mtaani pili, benki mwisho, si ndio? Shida ni kwamba hizo namba tatu hazizungumzii kitu kimoja. Moja ni ya mwezi na inapigwa kwenye mkopo mzima mpaka mwisho, nyingine ni ya mwaka na inapigwa kwenye deni lililobaki, ya tatu ni ya mwezi lakini nayo ni ya deni lililobaki. Ukizigeuza zote ziwe za mwezi utagundua benki na saccos wana riba ileile kabisa, 18 ukigawa kwa 12 ni 1.5, ila mmoja kaiandika kwa mwaka na mwingine kwa mwezi, basi.

Tuanze na hiyo ya 3%, maana ndiyo inayowapiga watu wengi.

Wanaita flati. Maana yake riba inahesabiwa kwenye milioni 5 uliyokopa siku ya kwanza, kila mwezi, hata kama umeshalipa nusu. 3% ya milioni 5 ni 150,000, mara miezi 12 ni 1,800,000. Unajumlisha na milioni 5 inakuwa 6,800,000, unagawa kwa 12, rejesho ni kama 566,700 kila mwezi. Afisa mikopo anakuandikia hiyo kwenye kikaratasi ndani ya nusu dakika, hesabu nyepesi, inaeleweka, na ndiyo maana watu wanaipenda.

Sasa angalia mwezi wa 12. Kufikia hapo umeshalipa mtaji wa miezi 11, unadaiwa kama 416,700 tu. Lakini riba ya mwezi huo bado ni 150,000 ileile. Yaani kwa deni la laki 4 na kidogo unalipa riba ya laki na nusu kwa mwezi mmoja, hiyo ni 36% kwa mwezi! Mwezi wa kwanza ilikuwa 3% kweli, wa mwisho 36%, na katikati inapanda taratibu bila mtu kukwambia. Ndo maana flati ya 3% huwezi kuiweka meza moja na 3% ya salio linalopungua, ni wanyama wawili tofauti.

Na bado hatujagusa makato. Kwenye ile karatasi kwa chini kulikuwa na ada ya kuchakata mkopo 2% na bima 1%, vyote vinakatwa kabla pesa haijaingia kwenye simu yako. 2% ni 100,000, 1% ni 50,000. Kwa hiyo shemeji angesaini mkopo wa milioni 5 halafu angepokea 4,850,000, lakini riba inapigwa kwenye milioni 5. Anatozwa riba ya pesa ambayo haijawahi kufika mkononi kwake.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni moja tu, na ndilo nililomwambia alibandike ukutani: shilingi ngapi zinaingia mkononi siku ya kwanza, na shilingi ngapi zinatoka, tarehe zipi. Hayo mengine, riba, ada, bima, kodi, ni majina tu ya mifuko ambayo pesa inapitia. Ukishakuwa na pesa inayoingia na rejesho la kila mwezi, kuna kiwango kimoja tu cha riba ambacho kinafanya pande mbili zilingane, na hicho ndicho riba halisi. Huna haja ya kukitafuta kwa kalamu, Excel au Google Sheets inakitoa yenyewe, hata kwenye simu:

```
=RATE(12,-566667,4850000)
=(1+RATE(12,-566667,4850000))^12-1
```

Mstari wa kwanza, 12 ni idadi ya marejesho, ya pili ni rejesho (weka alama ya kutoa mbele, pesa inatoka), ya tatu ni ile uliyopokea mkononi, SIO iliyoandikwa kwenye mkataba. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanaweka 5,000,000. Jibu linakuja kama 5.6%, hiyo ni riba halisi ya mwezi. Mstari wa pili unaigeuza iwe ya mwaka. Kama simu yako inakataa mikato weka nukta mkato badala yake, inategemea mipangilio ya nchi.

Jibu la mwaka? Karibu 93%.

Shemeji alinipigia simu kabisa. "Shem umekosea sehemu. Tatu mara kumi na mbili si thelathini na sita?" Nikamwambia haya tuiondoe ada na bima tuone flati peke yake, weka 5,000,000 pale. Ikatoka 81% hivi. Kwa hiyo kwenye zile 93, flati yenyewe imebeba mzigo mkubwa, makato ya mwanzoni yameongeza kama 12 hivi juu. Akanyamaza kidogo akasema mbona sasa watu wote mtaani wanakopa pale. Wanakopa kwa sababu pesa inatoka siku mbili na hawaulizi hati ya kiwanja, na hilo lina thamani yake, silidharau, kama una mzigo unaouza ndani ya wiki tatu kwa faida ya nusu kwa nusu hiyo riba unaimudu. Mashine ya kushonea hairudishi pesa kwa mwendo huo.

Kidogo tu kuhusu tofauti ya kuzidisha na hii ya mwaka mzima, maana mtu ataniuliza. 5.6 mara 12 ni kama 67. Wapo wanaotumia hiyo. 93 inapatikana kwa sababu pesa unayolipa mwezi wa pili ungeweza kuizungusha mwezi wa tatu, na faida yake mwezi wa nne, riba inazaa juu ya riba. Zote mbili zina kazi, ila usimpime mmoja kwa 67 na mwenzie kwa namna ya pili, chagua moja uitumie kwa wote. Mimi natumia ya pili.

Na kuna kitu kingine kwenye hizi taasisi, rejesho la kila wiki. Afisa alimwambia shemeji, "Dada ukilipa kila wiki ni nyepesi, 130,800 tu." Nyepesi kweli kwa mfuko, na kwa mama lishe au muuza mbogamboga anayeshika pesa kila siku inasaidia isipotee. Ila riba yote ni ileile 1,800,000 huku wewe unaanza kurudisha baada ya siku 7 badala ya 30, yaani pesa yao unakaa nayo muda mfupi zaidi kwa bei ileile. Ukipiga hesabu kwa wiki 52 (unainua kwa 52 badala ya 12 mwishoni), ile 93 inapanda kuwa 102 hivi. Hakuna shilingi hata moja iliyoongezwa kwenye mkataba, tarehe tu zimesogezwa.

Benki sasa. Hapa riba ni ya salio linalopungua kwa hiyo hakuna mchezo wa flati, ila makato ni mengi na yametawanyika kurasa tofauti, ilibidi tuyakusanye moja moja. Ada ya mkopo 2%, laki moja. Juu ya ada kuna VAT 18%, hii watu wanaisahau kwa sababu haiandikwi pale kwenye tangazo, 18,000. Bima ya mkopo 1% kwa mwaka, inakatwa yote mwanzoni, kwa miezi 24 ni laki moja. Halafu wakili na usajili wa dhamana, maana wanashika hati ya kiwanja, 120,000, hii unailipa pembeni kwa wakili wala haionekani kabisa kwenye karatasi ya benki. Jumla 338,000. Kwa hiyo milioni 5 inabaki 4,662,000.

Hiyo ya wakili ndiyo mfano mzuri wa pesa ambayo haiko kwenye ofa lakini iko kwenye mfuko wako. Kama usingechukua mkopo usingeilipa, basi ni gharama ya mkopo. Kigezo changu ni hicho tu. Nauli ya kwenda benki siihesabu, nisije nikawa kichaa, ila tathmini ya nyumba, mhuri, picha za dhamana, fomu, hivyo vyote naviweka.

Na bima nayo ngoja niseme. Ile bima ukifa au ukipata ulemavu wa kudumu inalipa deni, anayelipwa ni mkopeshaji, familia yako inachopata ni kwamba hawafuatwi. Ni kitu kizuri, siipingi. Ila uliza maswali mawili: inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye deni linalobaki, na miezi 18 wanahesabu mwaka mmoja na nusu au miwili? Sisi tuliuliza, wakasema mwaka ukianza unahesabiwa mzima. Kumbuka hilo, litarudi. Na swali la nyongeza, kama ada na bima hazikatwi bali zinaongezwa juu ya mkopo, usifurahi kwamba umepokea milioni 5 kamili, unalipia riba hizo ada mpaka mwezi wa mwisho.

Rejesho la benki kwa miezi 24 ni 249,620. Ukiweka kwenye fomula, pesa mkononi 4,662,000, marejesho 24:

```
=(1+RATE(24,-249620,4662000))^12-1
```

Inatoka 28.5%. Kwa hiyo 18 ya tangazo imekuwa 28 na nusu. Inauma, ila iko mbali sana na 93.

Hapa ndipo nilipotaka shemeji atulie, kwa sababu akaanza kulinganisha benki ya miezi 24 na wengine wa miezi 12, na hiyo haifai. Muda ukibadilika kila kitu kinabadilika. Tukaomba benki watupe ratiba ya miezi 12 pia. Rejesho likapanda kuwa 458,400, bima ikashuka kuwa 50,000 kwa sababu ni mwaka mmoja, mkononi anapata 4,712,000. Riba halisi? 34%. Imepanda! Benki ileile, riba ileile ya 18, makato yamepungua hata, na bado riba halisi imetoka 28.5 ikaenda 34.

Sababu ni kwamba ada na wakili ni pesa ya mara moja, haijali unakaa na mkopo miezi mingapi. Ukiitandaza kwenye miezi 24 inakuwa nyembamba, ukiibana kwenye 12 inanenepa. Ndiyo maana mkopo mfupi wenye ada kubwa mwanzoni siku zote utaonekana mkali ukiupima kwa mwaka.

Sasa cheki upande wa pili. Ule wa miezi 24, jumla ya riba ni kama 991,000, ongeza makato 338,000, gharama yote ni kama 1,329,000. Ule wa miezi 12, riba 500,800, makato 288,000, jumla 788,800. Yaani ule wenye riba halisi ndogo unamgharimu zaidi ya laki 5 juu. Hapa watu hugombana, mmoja anasema angalia riba, mwingine anasema angalia jumla unayolipa, na wote wako sawa kwa maswali tofauti. Riba halisi inakwambia bei ya pesa kwa kila mwezi unaokaa nayo. Jumla inakwambia utatoa kiasi gani mpaka umalize. Mimi utaratibu wangu ni huu: kwanza nawaweka wakopeshaji wote kwenye muda mmoja nawapima kwa riba halisi, anayeshinda ndiye mwenye pesa ya bei rahisi. Nikishampata, ndani ya huyohuyo nachagua muda kwa kuangalia jumla na rejesho ambalo biashara inaweza kulibeba. Ukichanganya hatua hizo mbili utajikuta unamchagua mkopeshaji wa bei mbaya kwa sababu tu alikupa muda mrefu na rejesho dogo, na hiyo ndiyo mbinu yao kubwa, kukuuzia rejesho.

Saccos nilidhani itakuwa hesabu ya dakika tano, kumbe ndiyo ilitusumbua zaidi. Makato yao ni madogo, fomu 20,000, ada 1%, bima 1%, jumla 120,000, mkononi 4,880,000, rejesho 458,400 kama benki. Riba halisi 25% hivi. Safi kabisa, ya kwanza kwa miezi 12. Shemeji akaanza kucheka.

Ila saccos yao inakopesha mara tatu ya akiba. Yeye ana akiba milioni 1. Ili apewe milioni 5 lazima akiba ifike 1,670,000, kwa hiyo aweke 670,000 kwanza, na hiyo pesa haigusiki mpaka amalize deni. Sasa hiyo ni yake, haijapotea, huwezi kuiita ada. Lakini siku ya kwanza ametoa 670,000 na kupokea 4,880,000, kwa hiyo pesa mpya anayoweza kwenda nayo Kariakoo kununua mashine ni 4,210,000 tu. Analipa marejesho 12, mwishoni anarudishiwa 670,000. Fomula inaikubali hiyo, ile ya mwisho unayorudishiwa inakaa nafasi ya nne:

```
=(1+RATE(12,-458400,4210000,670000))^12-1
```

34%. Sawasawa na benki ya miezi 12, hakuna tofauti ya maana.

Tena hapo nimemtendea saccos wema, nimechukulia kwamba mwezi wa 12 anaichukua hiyo 670,000 cash. Saccos nyingi akiba huitoi yote mpaka ujitoe uanachama. Kwa upande mwingine akiba inapata riba kidogo mwisho wa mwaka, kwa hiyo inarudi kidogo. Utasema mbona ile milioni 1 ya zamani siihesabu, kwa sababu ilishakuwa pale na angekaa nayo pale hata bila mkopo, haibadiliki kwa uamuzi huu.

Lakini hesabu hiyo ilifungua kitu ambacho hakuna aliyekiona. Nikamuuliza hiyo 670,000 unaitoa wapi? Akasema anayo, ni ya ada ya mtoto ya muhula ujao pamoja na kidogo ya dukani. Sasa kama una 670,000 mkononi, na tukaacha ya ada ya mtoto pembeni, kwa nini unakopa milioni 5 nzima? Pesa unayoifungia saccos ili ukopeshwe unakopeshwa wewe mwenyewe, na unailipia 1.5% kwa mwezi. Hii habari ya akiba ya lazima ipo pia kwenye mikopo ya vikundi, unakuta wanakata 10% ya mkopo wanaiita akiba yako, wewe ihesabu kama ulivyoona hapo juu, toa mwanzoni, rudisha mwishoni kama kweli inarudi.

Kuna ile mikopo ya simu, sikuiweka kwenye ushindani kwa sababu milioni 5 hawatoi, ila kwa ajili ya kulinganisha tu: ukiomba 100,000 kwa siku 30, wakate 10% mbele, unapokea 90,000 unarudisha 100,000. Hiyo ni 11.1% kwa mwezi, ukiizungusha mwaka mzima inapita 250%. Mtu anayekopa mara moja akalipa, kwake ni elfu 10 tu, asiogope namba ya mwaka. Namba ya mwaka inamhusu yule anayelipa leo na kukopa tena kesho asubuhi, mwezi baada ya mwezi, na tunawajua. Af hakikisha aplikesheni ina leseni, mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Kwa hizi taasisi za mtaani pia uliza leseni, ziko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wenye leseni huitundika ukutani. Wale wa kausha damu wasio na karatasi yoyote siwezi hata kuwapigia hesabu, hawakupi ratiba.

Kwa asiye na Excel, au uko kwenye kiti cha afisa mikopo na una kikokotoo tu cha simu, kuna njia ya mkato ninayoitumia. Kwa kuwa unarejesha kidogo kidogo, kwa wastani unakaa na kama nusu ya pesa uliyopokea. Kwa hiyo chukua gharama yote, riba na makato, gawa kwa nusu ya pesa mkononi (kuwa makini zaidi, weka 54.17% kwa miezi 12, 52% kwa 24), kisha gawa kwa miaka. Taasisi ya mtaani: gharama 1,950,000, wastani wa pesa 2,627,000, inakuja 74% kwa mwaka. Benki miezi 12: 788,800 kwa 2,552,000, 31%. Saccos bila akiba ya kufungiwa: 620,800 kwa 2,643,000, 23 na nusu. Hazifanani na zile za fomula, hii njia haihesabu riba juu ya riba, na kwenye mikopo mikali inapotoka zaidi, ila mpangilio wa nani ghali nani nafuu unatoka uleule, na kwa kuamua kusaini au kuondoka inatosha.

Tulivyomaliza, taasisi ya mtaani ikatoka. Ikabaki benki na saccos, 34 kwa 34 kwa miezi 12. Tofauti ikawa kwamba saccos muda wao unaishia miezi 12 na rejesho la 458,400 shemeji halimudu, duka lake likiwa kawaida linabaki na 400,000 kwa mwezi baada ya kulipa mafundi na pango, na hapo hajala. Benki ya miezi 24 rejesho ni la raha lakini gharama ni milioni 1.3. Tukaomba ratiba ya tatu, miezi 18. Rejesho 319,000, riba halisi 31%, gharama yote kama 1,080,000. Na hapo ndipo bima ilirudi, kwa miezi 18 walikata ya miaka miwili, zile 100,000 zilezile. Shemeji alibishana nao kweli, hawakushuka.

Akasaini wa miezi 18, ila kabla ya kusaini tulitafuta kifungu kimoja, cha kulipa mapema. Mpango wake ni kwamba sare zikilipwa Januari afunge deni lote, itakuwa mwezi wa 9. Kifungu kinasema adhabu ni 3% ya deni lililobaki. Mwezi wa 9 atakuwa anadaiwa kama 2,667,000, adhabu 80,000. Riba ambayo ingebaki mpaka mwezi wa 18 ni 204,000. Kwa hiyo akifunga mapema anaokoa 124,000 hivi. Angekuwa na flati na mkataba unaosema riba yote inalipwa hata ukimaliza mapema, angeokoa sifuri. Bima ya mwaka wa pili hairudishwi, tuliwauliza na hilo wakatuandikia kwa barua pepe, ada ya wakili na yenyewe imeshakwenda. Na kuanzia mwezi wa 12 kwenda mbele ile adhabu na riba iliyobaki vinaanza kukaribiana, ukifika mwezi wa 15 kufunga mapema hakuna faida yoyote, kwa hiyo nimemwandikia kwenye ratiba yake kwa kalamu nyekundu, mwisho mwezi wa 12, zaidi ya hapo endelea kulipa kawaida.